Kupanua valvu ya mitrali kwa puto: namna ya kuichagua valvu na kuyasoma matokeo kwenye eko

Mgonjwa anapanda treni Tabora na karatasi iliyoandikwa "mitrali imebana sana, apelekwe kwa puto". Anafika Dar es Salaam, anapimwa upya, anaambiwa valvu yake haifai kwa puto. Au inafaa, lakini ndani ya moyo kuna damu iliyoganda, arudi baada ya miezi kadhaa ya dawa. Nauli imeliwa na ndugu aliyemsindikiza ameacha shamba. Mara nyingi sababu ya kurudishwa ingeweza kuonekana kwenye mashine ya eko iliyompima mwanzo, kama aliyepima angeitafuta.

Mwongozo huu ni kwa madaktari na wapimaji wa eko wa Tabora, Kigoma na wilaya zake ambao ripoti zao zinarudi na maswali. Utakusaidia kufanya mambo mawili: kusema kama valvu inafaa kabla mgonjwa hajasafiri, na kusema kama puto lilifanikiwa baada ya kurudi.

## Puto linafanya nini hasa

Valvu ya mitrali ina vipande viwili, cha mbele na cha nyuma. Pembeni vinakutana sehemu mbili, nami nitaziita maungio. Homa ya rumatiki inagandisha vipande hivyo kwenye maungio kama vile mdomo wa valvu umeshonwa kutoka pembeni kuja katikati. Mdomo wa mtu mzima wenye afya ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukifika 1.5 kushuka chini tunasema umebana sana, na ukifika 1.0 umebana kupita kiasi.

Puto linapojazwa katikati ya valvu linapasua maungio yaliyogandana, basi. Haliondoi chokaa, halilainishi kipande kilichokuwa kigumu, wala halitenganishi vizuri nyuzi zilizoshikana chini ya valvu. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo: kabla ya puto tunauliza kama maungio yameshikana na kama yatapasuka salama, na baada ya puto tunauliza kama yamepasuka kweli.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mashine ya eko yenye probu ya moyo, dopla ya rangi na dopla endelevu.
- Waya za EKG za mashine yenyewe, zimeunganishwa na zinasoma. Bila EKG hutajua upo wapi katika pigo la moyo.
- Urefu wa mgonjwa kwa sentimita, uzito na presha.
- Kipimo cha wingi wa damu, na kipimo cha ujauzito kwa mwanamke wa umri wa kuzaa.
- EKG ya karatasi, kuona kama moyo unapiga kwa mpangilio.
- Flashi ya kuhifadhia picha zinazotembea. Picha mgando haimwonyeshi anayepokea kama kipande kinacheza au kimekakamaa.

## Hatua ya 1: Tuliza moyo kabla ya kupima

Tofauti ya shinikizo kati ya chumba cha juu na cha chini inategemea mambo matatu: ukubwa wa mdomo wa valvu, wingi wa damu inayopita, na muda inaoupata kupita. Moyo ukikimbia, muda huo unakatika na tofauti inapanda, ingawa mdomo haujabadilika hata kidogo.

Kwetu jambo hili si la vitabuni. Mtu anakuja na malaria, au na damu 6, au ana mimba ya miezi mitano, moyo unapiga 120. Dopla inasoma tofauti ya wastani ya 18 mmHg na kila mtu anashtuka. Ukimtibu, moyo ukashuka hadi 75, unakuta 8.

Basi tibu homa na upungufu wa damu kwanza, na kama hali inaruhusu punguza mapigo kwa dawa za kundi la vizuia-beta. Kwa mjamzito wengi wetu hutumia metoprololi na huepuka atenololi. Lenga mapigo 60 hadi 80 kwa dakika.

Onyo: usimcheleweshe mgonjwa ambaye mapafu yamejaa maji eti mpaka namba zipendeze. Mpime alivyo, andika mapigo yake kando ya kila namba, umrudie akitulia.

Umefanikiwa kama ripoti yako haina tofauti ya shinikizo hata moja isiyoandamana na kasi ya moyo.

## Hatua ya 2: Tazama valvu kwa urefu

Mlaze kwa ubavu wa kushoto, weka probu kando ya mfupa wa kifua, pata mkato mrefu. Valvu ya rumatiki inayoweza kupanuliwa ina dalili moja nzuri: ncha ya kipande cha mbele imefungwa, lakini tumbo lake bado linavimba kuelekea chumba cha chini kila damu inapoingia. Uvimbe ule unakuambia kipande bado ni laini na tatizo lipo kwenye ncha na pembeni. Kipande kinachobaki kimenyooka kama hakijui damu inapita hakitafunguka sana hata maungio yakipasuka.

Ukiwa hapo hapo, toa alama za Wilkins, ambazo zimetumika tangu 1988. Ni mambo manne, kila moja linapewa 1 hadi 4:

- Kucheza kwa vipande. 1 ni ncha tu imezuiwa. 2 ni katikati na shina vinacheza kawaida. 3 ni shina pekee ndilo linalosogea. 4 ni karibu hakuna kinachosogea.
- Unene. 1 ni milimita 4 hadi 5. 2 ni kingo tu ndizo nene, milimita 5 hadi 8. 3 ni kipande chote kina unene huo. 4 ni unene mkubwa unaozidi milimita 8.
- Nyuzi chini ya valvu. 1 ni unene kidogo tu chini ya vipande. 2 ni theluthi ya kwanza ya nyuzi. 3 unafika theluthi ya mwisho. 4 umefika hadi kwenye misuli inayozishikilia.
- Chokaa. 1 ni doa moja linalong'aa. 2 ni madoa machache kwenye kingo. 3 mng'ao umefika katikati ya kipande. 4 umeenea sehemu kubwa ya kipande.

Jumla ni 4 hadi 16, na 8 kushuka chini huhesabiwa kuwa nzuri kwa puto. Jumla pekee haitoshi, na nitaeleza kwa nini tukifika Hatua ya 6.

Nyuzi ndizo zinazopuuzwa zaidi, kwa kuwa mkato mrefu wa kawaida hauzionyeshi vizuri. Teremsha probu kwenye ncha ya moyo, uzitazame kutoka huko. Nyuzi fupi nene zilizoshikana zinaweza kuacha kizuizi cha pili chini ya mdomo hata baada ya mdomo wenyewe kufunguka, na ndizo zinazoweza kulinasa puto lisijae mahali pake.

## Hatua ya 3: Chora mdomo wa valvu

Ukikosa muda wa hatua nyingine zote, usiikose hii.

Zungusha probu upate mkato wa mviringo kwenye kiwango cha mitrali. Valvu iliyobanwa na rumatiki imekaa kama faneli: pana juu, nyembamba chini. Eneo unalolitaka ni lile jembamba kabisa, kwenye ncha za vipande. Mpimaji mwenye haraka hukata juu zaidi, anachora duara la 1.8 na kuandika kuwa valvu imebana kidogo tu, huku mgonjwa anahema akipanda ngazi moja.

Fanya hivi. Anza na mkato wa misuli inayoshikilia nyuzi, chini kabisa. Inua taratibu kuelekea kwenye valvu hadi mdomo uonekane kwa mara ya kwanza ukiwa umezungukwa na ukingo kamili. Simama hapo. Pita juu kidogo na urudi, uhakikishe hakuna pengine padogo kuliko hapo. Kisha punguza `Gain`. Mwanga ukizidi, kingo zinanenepa kwenye skrini na kula sehemu ya mdomo, nawe utapata 0.8 mahali penye 1.1. Ukiupunguza mno, ukingo unakatika na mdomo unakuwa mkubwa usivyo. Uweke pale ambapo mstari wa ukingo ndio kwanza unabaki mzima.

Gandisha picha, rudi nyuma fremu moja moja hadi mdomo uwe umefunguka zaidi katikati ya kipindi cha kujaa, uchore ukingo wa ndani. Kama moyo unapiga bila mpangilio, chora mapigo 5 au zaidi na uchukue wastani.

Sasa, kabla hujainua probu, tazama maungio. Kwenye mkato huu la upande wa septamu liko kushoto mwa skrini, na la pili liko kulia. Jiulize maswali matatu kwa kila moja. Limeshikana? Linang'aa kwa chokaa? Unene wake unalingana na wa upande wa pili? Ungio lililoshikana utaliona kama kona ya mdomo iliyokwisha mapema, kabla ya kufika ukutani mwa valvu. Chokaa hung'aa hata ukipunguza `Gain` hadi misuli ya moyo ikafifia.

Onyo: kuna valvu zilizobana ambazo maungio yake hayajashikana. Kwa wazee, chokaa huanzia kwenye pete ya valvu na kuingia ndani, ncha zikabaki huru. Tofauti ya shinikizo inapanda vilevile, lakini puto halina cha kupasua. Mgonjwa huyo usimwandikie puto.

Umefanikiwa kama una namba moja ya eneo, picha inayotembea ya mkato ulioutumia, na sentensi moja kwa kila ungio.

## Hatua ya 4: Dopla

Nenda kwenye ncha ya moyo, tumia rangi kuona mkondo wa damu unaelekea wapi, na uweke mstari wa dopla endelevu sambamba nao. Mkondo wa valvu ya rumatiki mara nyingi umepinda, kwa hiyo usitegemee katikati ya skrini. Zungusha mstari kufuata ukingo wa wimbi, mashine ikupe `Mean PG`.

Kwa `PHT`, weka mstari kwenye mteremko. Mteremko ukiwa na sehemu mbili, mkali mwanzoni kisha uliolala, fuata ule uliolala. Hesabu ya eneo ni hii:

```
MVA = 220 / PHT
```

PHT ni kwa milisekunde, na 150 kwenda juu inalingana na mdomo uliobana sana. Valvu ya aota ikivuja sana, PHT inafupishwa na kukuonyesha mdomo mkubwa usiokuwepo. Ukiona hivyo, simama na ulichokichora katika Hatua ya 3.

Malizia na shinikizo la mapafu kwa kasi ya uvujaji wa valvu ya trikaspidi:

```
Shinikizo = 4 × V² + shinikizo la chumba cha juu cha kulia
```

## Hatua ya 5: Tafuta vinavyozuia

Uvujaji wa mitrali. Ukizidi wa wastani, puto linasimama, kwa kuwa kupasua maungio hakupunguzi uvujaji na kunaweza kuuongeza. Tatizo ni kwamba mkondo unaotambaa ukutani huonekana mdogo kuliko ulivyo. Utazame kutoka angalau sehemu tatu, na upime upana wa shingo yake pale inapopenya valvu badala ya kukadiria ukubwa wa rangi chumbani.

Valvu nyingine. Kama aota imeharibika kiasi cha kuhitaji upasuaji, mitrali itatengenezwa kwenye upasuaji huo huo. Hakuna sababu ya kumpitisha mtu kwenye puto kwanza.

Damu iliyoganda. Hapa ndipo safari nyingi zinaharibika. Katheta ya puto inapita kwenye chumba cha juu cha kushoto, na donge lililoko humo linaweza kusukumwa hadi kwenye ubongo. Eko ya kifuani inaona donge kubwa lililo katikati ya chumba. Kijifuko cha pembeni, ambako madonge mengi hukaa, haikioni vizuri. Usiandike kamwe "hakuna damu iliyoganda" kwa eko ya kifuani. Andika "haijaonekana kwa eko ya kifuani, inahitaji eko ya umioni kabla ya puto".

Ila usikae kusubiri eko ya umioni ndipo uanze dawa. Mgonjwa ambaye EKG yake haina wimbi la P na mapigo hayana mpangilio, aliyewahi kupata kiharusi, au uliyemwona donge, anaanza warfarini sasa, INR 2 hadi 3, isipokuwa kama ana sababu ya kutopewa au ni mjamzito, ambaye mpango wake utauzungumza na wataalamu kwanza. Ninasisitiza warfarini kwa makusudi. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, uliowachukua wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo yasiyo na mpangilio, ulionyesha kuwa waliotumia dawa za kundi la warfarini walipata vifo na matukio ya moyo na mishipa machache kuliko waliopewa rivaroksabani. Najua kufuatilia INR Sikonge au Kasulu ni kazi. Lakini aliyefika Dar akiwa ameshatumia warfarini sawasawa kwa miezi miwili au mitatu ana nafasi nzuri zaidi ya kukutwa safi.

## Hatua ya 6: Amua

Mgonjwa ana dalili, mdomo ni 1.5 au chini, maungio yote mawili yameshikana bila chokaa, uvujaji ni mdogo, na hakuna donge: huyo ni wa puto. Alama za Wilkins zikiwa 8 au chini matokeo huwa mazuri zaidi. Zikiwa 9 hadi 11 bado unaweza kumpeleka, hasa akiwa kijana au kama upasuaji ni hatari kwake, ila anayepokea ajue anachokipokea.

Asiye na dalili naye hafungiwi mlango. Mpeleke wajadili kama mdomo umebana na shinikizo la mapafu limevuka 50, au mapigo yameharibika karibuni, au ni mwanamke anayepanga kuzaa. Aliye mjamzito tayari hutulizwa kwa dawa kwanza. Akibaki anahema vibaya au shinikizo la mapafu likabaki juu ya 50 licha ya dawa, puto linafanyika, na hupendelewa baada ya wiki ya 20.

Sasa upofu wa jumla ya Wilkins. Alama zile hazihesabu maungio. Fikiria valvu mbili, zote za 8. Ya kwanza ina vipande vinene kiasi, nyuzi nene kiasi, madoa ya chokaa kwenye kingo za katikati, na maungio laini. Puto likijaa, maungio yanaachia kwa kuwa ndiyo dhaifu kuliko vyote. Ya pili ina alama zile zile, lakini madoa yote yako kwenye maungio mawili. Puto likijaa, maungio hayaachii, na nguvu inatafuta pengine, kwenye tumbo la kipande. Kipande kinachanika, uvujaji mkubwa unatokea ghafla, mgonjwa anaingia upasuaji wa dharura. Kwa hiyo mimi naandika maungio kwanza, jumla baadaye. Chokaa nyingi kwenye ungio hata moja naitaja kwa maneno mazito. Ikiwa kwenye yote mawili, naomba maoni ya daktari wa upasuaji badala ya puto.

## Mfano mmoja hadi mwisho

Chukua mama wa miaka 29 kutoka Sikonge, urefu sentimita 158, watoto wawili. Anahema akichota maji na usiku analalia mito mitatu. Mapigo yana mpangilio. Siku ya kwanza moyo unapiga 112, damu ni 8, `Mean PG` ni 21. Anatibiwa, anapewa dawa ya kupunguza mapigo, anarudi baada ya wiki tatu akiwa na 76 kwa dakika.

Kipande cha mbele kinavimba vizuri. Kucheza 2, unene 2, nyuzi 2, chokaa 1, jumla 7. Mdomo uliochorwa ni 0.9. `PHT` ni 230, inayotoa 0.96, kwa hiyo njia mbili zinakubaliana. `Mean PG` imeshuka hadi 14. Kasi ya trikaspidi ni mita 3.5 kwa sekunde, yaani 49, ukijumlisha 8 ya chumba cha kulia unapata 57 mmHg. Uvujaji wa mitrali ni mdogo. Maungio yote mawili yameshikana, hakuna linalong'aa.

Anapelekwa kwenye hospitali yenye chumba cha katheta. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam inacho. Eko ya umioni haioni donge.

Chumbani humo katheta inapita kwenye mshipa wa paja, inatoboa ukuta kati ya vyumba vya juu, na puto la Inoue linawekwa katikati ya valvu. Saizi ya marejeo inapatikana kwa urefu:

```
Puto (mm) = urefu (cm) / 10 + 10
158 / 10 + 10 = 25.8, yaani 26
```

Hawaanzi na 26. Wanaanza chini, tuseme 23, kisha eko inatazama kabla ya kuongeza. Baada ya 23, ungio la kulia mwa skrini limeachia, la kushoto bado, mdomo 1.3, uvujaji haujabadilika. Kuna nafasi ya kuendelea. Baada ya 25 yote mawili yameachia, mdomo ni 1.8, tofauti ni 4, na mkondo mdogo mpya unavuja kwenye ungio. Wanaacha hapo. Milimita moja iliyobaki haifai kuchezewa, kwa kuwa kilichotafutwa kimepatikana na kinachoweza kuongezeka zaidi sasa ni uvujaji.

Jambo moja la kukaza: `PHT` iliyopimwa chumbani baada ya puto ilikuwa 96, ambayo kwa hesabu ni 2.3. Aliyeandika 2.3 angekuwa ameandika ndoto. Chumba cha juu kimetoka kwenye shinikizo kubwa ghafla, kuta zake na za chumba cha chini bado hazijazoea, na hesabu ya 220 inategemea kuta zilizotulia. Inaweza kukosea kwenda juu au chini. Saa 24 hadi 72 za mwanzo chora mdomo, acha `PHT`.

## Hatua ya 7: Pima matokeo akirudi

Mama huyu atakuja kliniki yako na karatasi ya kuruhusiwa. Usinakili namba zao, pima mwenyewe. Ndizo utakazolinganisha mwakani.

Eneo. Chora kama katika Hatua ya 3, ila sasa fuata mdomo hadi ndani ya maungio yaliyopasuka. Wapimaji wengi wanachora ule mviringo wa katikati waliouzoea na kuacha pembe mpya mbili nje, kisha wanaandika kuwa puto limeshindwa. Kufanikiwa ni 1.5 au zaidi, na uvujaji usiozidi wa wastani. Yote mawili kwa pamoja: mdomo wa 2.2 wenye uvujaji mkubwa si mafanikio.

Maungio. Andika lililopasuka, lililopasuka nusu, na lililobaki. Eneo la 1.6 lenye ungio moja tu wazi ni habari tofauti na 1.6 yenye yote wazi, hasa kwa yule atakayefikiria puto la pili siku moja.

Uvujaji unatoka wapi. Huu ndio mstari unaotenganisha utulivu na simu ya haraka. Mkondo mwembamba kutoka kwenye ungio lililopasuka ni wa kutegemewa, na mara nyingi hauongezeki. Mkondo unaotoka katikati ya kipande, au kipande kinachopeperuka kurudi chumba cha juu, maana yake ni mchaniko au uzi uliokatika. Huyo anarudi kwa wataalamu hata kama leo anatembea vizuri.

Tofauti ya shinikizo. Ikiwa 5 au chini kwa mapigo ya kawaida, vizuri. Ikiwa 9 huku mdomo ni 1.8, kabla ya kulaumu puto tazama mapigo, damu, na uvujaji, kwa kuwa damu nyingi inayopita inapandisha namba kupitia mdomo mzuri. Usihukumu puto kwa namba hii peke yake.

Mengine ya haraka. Tazama maji kuzunguka moyo, hasa siku za mwanzo, kwa sababu sindano ilitoboa ukuta. Weka rangi kwenye ukuta kati ya vyumba vya juu. Tundu dogo ni la kawaida na mengi hufungika yenyewe kwa miezi. Shinikizo la mapafu hushuka kidogo mara moja na kuendelea kushuka taratibu, kwa hiyo 42 katika wiki ya pili, kutoka 57, si kushindwa.

Kwa mama wetu, wiki ya tatu: mdomo 1.8, maungio mawili wazi, uvujaji mdogo wa ungio, `Mean PG` 4 kwa mapigo 72, mapafu 40. `PHT` sasa ni 120, inayotoa 1.83, na imerudi kukubaliana na mchoro.

## Hatua ya 8: Mfuatilie

Penadua yake inaendelea kila wiki 3 hadi 4. Puto limepasua maungio, halijaondoa hatari ya homa kurudi na kuyashona tena. Aliye na mapigo yasiyo na mpangilio anabaki kwenye warfarini hata kama mdomo umefunguka vizuri.

Eko ni kila mwaka, au mapema dalili zikirudi, na mkato, mapigo na namna ya kuchora viwe vile vile. Valvu inahesabiwa imebana tena ikiwa mdomo umeshuka chini ya 1.5, au nusu ya eneo lililopatikana imepotea. Kwa mama huyu puto lilimpa 0.9 ya nyongeza, kwa hiyo akifika 1.35 amevuka mipaka yote miwili.

Akifika huko, rudi kwenye maungio. Kama yameshikana tena na bado ni laini, puto la pili linawezekana. Kama yamebaki wazi na mdomo umebana kwa sababu vipande na nyuzi vimekakamaa, puto halitakuwa na cha kupasua. Mwandikie rufaa ya upasuaji, na utaje sababu hiyo kwenye mstari wa kwanza.